Rangi iliyo chini ya ngozi: jinsi ya kujipima kwa vitambaa kabla hujakata gomesi au kanzu

"Fundi, mimi ni mweusi, nivae rangi gani?" Swali hili nalipata karibu kila wiki kwenye kibanda changu cha kushona hapa Kampala, na msimu wa kwanjula, sherehe za kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ukifika nalipata mara tatu kwa siku. Lina pacha wake: "Mimi ni mweupe, rangi zote zinanikubali, si ndiyo?" Siwezi kujibu hata moja kwa kumtazama mtu tu, kwa sababu weusi na weupe si ndivyo vinavyoamua. Nimeshawavika watu wawili weusi sawasawa kitambaa kimoja, mmoja akang'aa, mwenzake akaonekana kama ametoka kuugua malaria.

Kinachowatenganisha ni rangi iliyo chini ya ngozi. Wauza vipodozi huiita andatoni. Fikiria mbao mbili, mvule na mahogani, zote zimepakwa vanishi nyeusi kiasi kile kile. Kwa mbali utasema zinafanana. Ukisogea unaona mvule inatoa unjano wa asali na mahogani inatoa wekundu. Ngozi nayo iko hivyo. Ikielekea asali, dhahabu au shaba, tunasema ni ya joto. Ikielekea wekundu wa zambarau au bluu, ni ya baridi. Nyingine imekaa katikati, haielekei popote. Nadharia iishie hapo, sasa tupime.

Unavyohitaji

Kioo kinachoonyesha uso hadi kifua. Dirisha au mlango unaoingiza mwanga wa mchana bila jua lenyewe kukupiga. Shuka au kanga nyeupe ya kufunika nguo uliyovaa. Mtu mmoja wa kukusaidia kutazama, ambaye hataogopa kukuambia ukweli.

Halafu jozi nne za vitambaa. Kila kipande kiwe na upana wa kutoka bega hadi bega, maana kipande cha ukubwa wa kitambaa cha jasho hakionyeshi kitu. Huna haja ya kununua. Mafundi tuna mabaki yamejaa kwenye magunia, na ukiomba kwa heshima utapewa. Nguo za jirani pia zinafaa. Jozi zenyewe ni hizi, cha joto kwanza, cha baridi baadaye:

- rangi ya maziwa, na nyeupe ya chaki
- nyekundu ya nyanya, na nyekundu ya bitiruti
- manjano ya haradali, na manjano ya limau bichi
- kijani cha zeituni, na kijani cha zumaridi

Utaona hapo kuna nyekundu ya joto na nyekundu ya baridi, kijani cha joto na kijani cha baridi. Wanaoanza wengi hukwama hapa. Wamesikia kwamba nyekundu ni ya joto na bluu ni ya baridi, basi wakishajijua wa baridi wanaiacha nyekundu maisha yao yote. Karibu kila rangi ina pande mbili. Nyekundu iliyochanganywa na unjano inakwenda kwenye joto, na iliyochanganywa na bluu inakwenda kwenye baridi. Kazi yako ni kujua upande, rangi utaendelea kuchagua mwenyewe. Machungwa tu ndiyo iliyobaki upande mmoja, hiyo ni ya joto daima.

Hatua

1. Hakikisha kila jozi ina uzito mmoja wa rangi, yaani kimoja kisiwe na giza kuliko mwenzake. Ukilinganisha maruni nzito na nyekundu inayowaka, macho yako yatapima uzito na mng'ao, hayatapima joto na baridi, na jibu litakuwa la uongo. Njia rahisi ni kuweka vipande viwili pamoja, kuvipiga picha kwa simu, kisha kuigeuza picha iwe ya nyeusi na nyeupe. Vikitokea kijivu kinachokaribiana, jozi ni nzuri. Kimoja kikiwa kama mkaa na kingine kama majivu, tafuta kipande kingine. Hapa ndipo simu inapokusaidia, na ni hapa tu. Usiitumie kuamua rangi inayokufaa, kwa sababu kamera hurekebisha rangi yenyewe kila unapobadilisha kitambaa.

2. Osha uso, uuache bila poda, bila fondesheni, bila rangi ya midomo. Mafuta ya kawaida ni sawa, lakini kidogo, uso ukimeremeta sana hutaona vivuli. Ondoa hereni na mkufu. Nywele za bandia zenye rangi, hasa zile nyekundu na za dhahabu, zifunge kwa kitambaa cheupe.

3. Chagua saa na mahali. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ni nzuri, au saa tisa hadi saa kumi alasiri. Saa sita jua liko utosini, linaweka vivuli chini ya macho na chini ya pua za watu wote. Simama ukitazama dirisha, kioo kiwe kati yako na dirisha. Angalia pia kilicho karibu nawe. Ukuta uliopakwa waridi, pazia la kijani, hata uwanja wa udongo mwekundu mbele ya mlango hurudisha rangi yake usoni pako. Mwembe nao hutupa ukijani, hivyo kivuli chake ni kizuri kwa kupumzika tu.

4. Jifunike shuka nyeupe kuanzia mabegani kwenda chini, ili shati la kijani ulilovaa lisiingilie.

5. Weka kipande cha kwanza chini ya kidevu, kiguse shingo, kifunike kifua chote. Hesabu hadi tano. Kiondoe, weka mwenzake, hesabu hadi tano. Rudia mara tatu au nne bila haraka. Msaidizi ndiye anayebadilisha, wewe usitikisike.

6. Tazama uso, usitazame kitambaa. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, maana jicho linapenda kukimbilia kwenye rangi. Elekeza macho sehemu nne: chini ya macho, pembeni mwa pua, kuzunguka mdomo, na chini ya kidevu. Kitambaa kinachokufaa hufanya sehemu hizo zifanane na mashavu, madoa ya chunusi za zamani yanafifia, na weupe wa macho unaonekana safi. Kisichokufaa huzitia giza. Kwenye ngozi nyeusi kuna dalili mbili ambazo ukizizoea hutazisahau. Mtu wa joto akivikwa baridi, uso wake unapata ujivujivu, kama mtu aliyeoga akasahau kupaka mafuta. Mtu wa baridi akivikwa joto, uso unakuwa wa manjano uliochoka, na mpaka wa midomo unapotea.

7. Andika jibu la kila jozi kabla hujaenda kwenye jozi nyingine. Andika "joto", "baridi" au "sawa". Usijilazimishe kuchagua pale usipoona tofauti, "sawa" nalo ni jibu.

8. Hesabu. Jozi tatu au nne zikiwa upande mmoja, umejipata. Mbili kwa mbili, au "sawa" nyingi, wewe ni wa katikati. Hapo epuka zile zilizokithiri pande zote mbili, kama machungwa makali na waridi lenye ubluu, na uchague za kati: nyekundu halisi, kijani cha mgomba, nyeupe isiyo ya chaki.

Kwa wanaume kuna njia ya mkato. Azima kanzu mbili, moja nyeupe kabisa na moja ya rangi ya maziwa, vaa moja baada ya nyingine palepale dirishani. Kanzu inafika shingoni na ni rangi moja tupu, hivyo inapima vizuri kuliko shati lolote. Ukipendeza na ya maziwa, koti la juu liwe la kahawia au kijani kizito. Ukipendeza na nyeupe, tafuta kijivu au bluu ya usiku. Omulela, ule urembo wa uzi wa maruni pale kifuani, usikusumbue, ni mdogo.

Dada wawili na gomesi moja

Mwaka jana walikuja dada wawili, mkononi kitambaa cha sare ya gomesi, gauni refu la kike la hapa Uganda. Kwanjula ilikuwa ya kaka yao, na senga, shangazi yao, alikuwa ameshachagua satini ya rangi ya pichi, ile inayoelekea machungwa. Walikuwa wamekinunua tayari, na gomesi moja inaweza kumeza hadi mita 6, kwa hiyo kubadilisha halikuwa jambo la kuzungumza. Mkubwa alikuwa na furaha. Mdogo alikuwa amenuna.

"Fundi, hii inanifanya mzee," akasema. Mkubwa akamjibu, "Weusi wetu ni mmoja, utazeekaje peke yako?"

Nikawapeleka mlangoni na magunia yangu ya mabaki. Mkono kwa mkono, kweli weusi wao ulikuwa mmoja. Nilianza na nyeupe na maziwa. Mkubwa, nyeupe ya chaki ilimtia ujivu kwenye paji la uso na pembeni mwa mdomo, ya maziwa ikaufuta. Mdogo ilikuwa kinyume, rangi ya maziwa ilifanya uso wake uonekane haujalala, nyeupe ikayaamsha macho. Nyanya na bitiruti yakatoa majibu hayo hayo. Manjano hayakutofautiana sana kwa mdogo, nikaandika "sawa". Kijani kikamaliza ubishi: zumaridi kwa mdogo ilikuwa kama mtu amewasha taa. Mkubwa alipata joto nne kwa nne. Mdogo alipata baridi tatu na sawa moja. Mama mmoja, baba mmoja, na ngozi za pande mbili.

Sare ni sare, hivyo mdogo alivaa pichi vilevile. Nilichofanya ni kubadilisha kile kilicho karibu na uso. Shingo ya gomesi ni ya mraba, na mraba ule unatoa nafasi. Niliuzungushia utepe wa rangi ya bitiruti wenye upana wa sentimita 4, nikamwambia avae shanga za fedha zinazokaa juu ya utepe, si ndefu za kushuka tumboni. Pia nilikigeuza kitambaa chake, upande wa ndani usiong'aa ukawa nje. Satini hurudisha mwanga mwingi kidevuni kuliko pamba, kwa hiyo rangi mbaya ya kung'aa inaumiza mara mbili. Alikuja na wazo la kubadilisha mshipi wa kiunoni, nikamkatalia. Mshipi uko mbali, uso hauna habari nao. Mkubwa nilimwekea utepe wa dhahabu, basi.

Siku ya kumpima mara ya mwisho mdogo alijitazama, akasema, "Sasa ni pichi ya mtu mwingine." Hakusema nzuri, lakini hakununa tena.

Makosa ninayoyaona sana

Kupima kwa mishipa ya mkono. Wanasema mishipa ikiwa ya kijani wewe ni wa joto, ikiwa ya bluu ni wa baridi. Kwenye ngozi nyeupe sana labda. Kwenye ngozi za wengi wetu mishipa haionekani vya kutosha, na ikionekana inaonekana kijani kwa sababu unaitazama kupitia ngozi ya kahawia. Ungewapima watu wote wa mtaa wangu hivyo, wote wangekuwa wa joto. Kiganja nacho kina wekundu wa damu, kiache.

Kupima chini ya turubai. Hili lilinipata mwenyewe. Nilinunua sokoni kitambaa nilichoamini ni maziwa safi, juu yangu kulikuwa na turubai la machungwa. Nilipofika nyumbani kilikuwa nyeupe yenye ubluu, na mteja alikuwa anaisubiri ile ya maziwa. Hakuna aliyenidanganya, mwanga tu. Ukiwa soko la Owino hapa Kampala au kwenye mitumba popote, omba ruhusa utoke na nguo hadi palipo wazi, na uwe na karatasi nyeupe mfukoni. Weka nguo juu ya karatasi. Karatasi yenyewe ikionekana ya manjano au bluu, bado hujatoka kwenye turubai. Taa za dukani ni hivyo hivyo, za manjano huzitia rangi zote joto na nyeupe kali huzitia baridi.

Kuamini majina. "Maruni" ya muuzaji mmoja inaelekea matofali, ya mwingine inaelekea zambarau. Ukitaka kujua kitambaa kiko upande gani, kiweke katikati ya vipande vyako viwili vya jozi, utaona kinafanana na yupi. Ndiyo maana nakushauri usizitupe jozi zako baada ya kujipima. Kata kipande kidogo cha kila kimoja, zitoboe, zifunge kwa uzi, na zibaki kwenye mkoba.

Kupima rangi unayoipenda tu. Mtu ana miaka kumi anavaa waridi, akiivaa anatabasamu, na tabasamu linapendezesha uso wowote. Ndiyo sababu ya msaidizi, na ndiyo sababu ya kunyamaza unapopima.

Ikikwama

*Sioni tofauti kwenye jozi yoyote.* Kwanza angalia mwanga, siku ya mawingu mazito ahirisha. Pili, rudi nyuma hatua tatu kutoka kwenye kioo, finya macho kidogo. Bado? Tumia dhahabu na fedha kama mwamuzi wa mwisho: hereni kubwa za rangi hizo, zisizometameta sana, mmoja baada ya mwingine. Zisiwe mwanzo wa kipimo, kwa sababu tumezoea dhahabu na mazoea hutudanganya. Kama nazo ziko sawa, wewe ni wa katikati.

*Maziwa yananifaa, lakini nyekundu ya nyanya inanichukiza.* Hutokea kwa ngozi yenye ukijani kidogo ndani yake. Baki na rangi za joto zilizopoa, kama zeituni, kahawia na haradali nzito, uyaache machungwa na nyanya.

*Kitenge kina rangi saba, nitajuaje?* Kitundike ukutani, rudi hatua tano, finya macho. Rangi itakayobaki ndiyo itakayofanya kazi usoni. Kisha mwambie fundi kabla hajakata ni sehemu ipi ya mchoro ikae shingoni. Tunaweza kuipanga. Tukishakata hatuwezi.

*Mimi natumia mkorogo.* Basi uso wako unaonyesha rangi ya krimu. Funika uso kwa kitambaa cheupe, mwachie msaidizi atazame shingo na kifua pale ambapo krimu haifiki, au sehemu ya ndani ya mkono juu ya kiwiko. Ukipima usoni utanunua nguo zitakazokukataa siku utakapoiacha.

*Nimeungua jua safari ya kijijini, nipime upya?* Hapana. Jua linaongeza weusi, upande wa joto au baridi kwa kawaida haubadiliki. Kitakachobadilika ni uzito wa rangi: ile ya maziwa iliyokuwa inatulia sasa itatofautiana zaidi na ngozi.

*Na nyeusi?* Nyeusi tupu iko upande wa baridi, na msibani huna uchaguzi. Kama wewe ni wa joto, ifungue shingo, chagua pamba isiyong'aa, halafu weka kilemba au lesu yenye kahawia kati ya nguo na kidevu. Upana wa vidole vinne unatosha.